Kutenda Pasipo Kutenda: Mitego ya Kuyafasiri Mafundisho ya Dao kwa Kiswahili

Mwaka wa masomo uliopita tuliombwa na mwenzetu mmoja, afundishaye somo la dini linganishi katika chuo kimoja hapa Juba, tumsaidie kuitayarisha kwa Kiswahili sura moja ya somo lake, nayo ni ile ihusuyo mafundisho ya Dao ya Wachina wa kale. Vitabu alivyokuwa navyo vyote vilikuwa vya Kiingereza, ilhali wanafunzi wake wengi ni vijana waliokulia katika kambi na miji ya Kenya na Uganda, wakarejea nyumbani na Kiswahili vinywani mwao. Kazi hiyo tuliidhania kuwa ya wiki mbili. Ilitumalizia muhula mzima, na sababu za kuchelewa kwetu ndizo tunazotaka kuwaeleza walimu wenzetu, kwa kuwa nyingi hazikutokana na ugumu wa Kichina bali na tabia za maneno yetu wenyewe.

Jambo lililotuzindua lilikuwa jaribio dogo la darasani. Katika rasimu yetu ya kwanza tulikuwa tumeandika kwamba fundisho kuu la Dao ni "kutotenda". Wanafunzi walipoulizwa waeleze maana yake, wengi walijibu kwamba Wachina wa kale waliufanya uvivu kuwa ibada. Mmoja aliandika kwamba mtu wa Dao huketi chini ya mwembe akingoja embe limwangukie mdomoni. Hatukuweza kumkosoa kijana huyo, kwa maana aliyasoma maneno yetu kama yalivyoandikwa. Kosa lilikuwa letu.

Kabla ya kuendelea yafaa tukitaje kitabu chenyewe. Mafundisho haya yamejengwa zaidi ya yote juu ya kitabu kifupi kiitwacho Laozi, au kwa jina lake la heshima Daodejing, chenye herufi za Kichina zipatazo 5,000 tu katika sura 81. Mapokeo husema kwamba mtungaji wake alikuwa mzee mmoja mtunza nyaraka wa wafalme wa Zhou. Wataalamu wengi wa leo huona kwamba kitabu kilikusanywa kidogo kidogo, na nakala kongwe kuliko zote zijulikanazo, zilizoandikwa juu ya vipande vya mianzi, zilifukuliwa mwaka 1993 katika kaburi la Guodian, mkoa wa Hubei, kaburi ambalo hukadiriwa kuwa la mwaka 300 hivi kabla ya Kristo. Kitabu cha pili ni Zhuangzi, nacho ni kirefu na kimejaa visa. Msomaji asitatizwe na tahajia: "Tao" ya vitabu vya zamani na "Dao" ya vitabu vya sasa ni neno moja, lililoandikwa kwa mitindo miwili ya kuzileta sauti za Kichina katika herufi za Kilatini.

Mtego wa kwanza ni neno Dao lenyewe. Maana yake ya kila siku ni njia, barabara, na pia kusema au kunena. Tulipoandika "Njia", wanafunzi Wakristo waliisikia Injili, na Waislamu wakaisikia tarika. Ajabu ni kwamba Wachina waliofasiri Biblia walipita mlango huohuo kutoka upande wa pili. Katika tafsiri ya Kichina iliyochapishwa mwaka 1919, ambayo Waprotestanti wengi wa huko huitumia hata leo, lile liitwalo "Neno" katika ufunguzi wa Injili ya Yohana limeandikwa kwa herufi ya dao. Kwa hiyo Mchina Mkristo asomapo dao hupata mawili, Neno na Njia, na wala si kazi ya mwalimu wa dini linganishi kumwambia kwamba amekosea. Lakini kutoka hapo kusema kwamba Laozi alimhubiri Kristo ni hatua nyingine kabisa, na hatua hiyo ilikwisha chukuliwa na watu wenye elimu kubwa kuliko yetu.

Mwaka 1823 bingwa wa Kichina wa mjini Paris, Abel-Rémusat, alichapisha maelezo juu ya Laozi, na humo akaishughulikia sura ya 14. Sura hiyo yasema kwamba kiko kitu kitazamwacho kisionekane, kisikilizwacho kisisikike, kishikwacho kisishikike, na kila hali kati ya hizo tatu hupewa jina la silabi moja: yi, xi, wei. Rémusat, akifuata dhana iliyowahi kutolewa na wamisionari Wajesuiti kabla yake, aliziunganisha silabi hizo tatu akaliona humo jina la Mungu wa Waebrania, Yehova. Mwanafunzi wake, Stanislas Julien, alipokitoa kitabu kizima kwa Kifaransa mwaka 1842, alirudi kwa wafasiri wa Kichina wenyewe, akaonyesha kwamba kila silabi ni neno kamili lenye maana yake: lisiloonekana, lisilosikika, lisiloshikika. Jina la Yehova likatoweka. Kisa hiki twakisimulia darasani mapema, kwa kuwa aliyekosea hakuwa mjinga wala mwongo. Alikuwa na sikio lililozoea kusikia kitu fulani, akakisikia.

Sisi tumeamua kuliacha neno Dao kama lilivyo, bila kulifasiri, tukieleza mara moja kwamba msingi wake ni njia. Hata hivyo uamuzi huo haukutuokoa, kwani Kiswahili hakikubali nomino ikae bila ngeli. Kichina chaweza kusema Dao huzaa, Dao hulea, pasipo kusema kama Dao ni nani au ni nini. Sisi twalazimika kuchagua. Tukisema "Dao alivizaa vitu vyote", tayari Dao amekuwa mtu, na mwanafunzi ataandika Mwenyezi Mungu. Tukisema "Dao iliyozaa", imekuwa kitu. Tumechagua ngeli ya njia, yaani "Dao i-", kwa kuwa twaona upotofu wake ni mdogo. Mwalimu amwambie mwanafunzi waziwazi kwamba kiambishi hicho kimetiwa na sarufi yetu, wala hakimo katika kitabu.

Sasa tuingie katika wu wei. Kichina cha kale kina njia mbili za kukana ambazo hapa lazima zitenganishwe. Neno bu hukana kitenzi: bu wei ni "hatendi". Neno wu hukana kuwapo kwa kitu, na kinyume chake ni you, yaani "kuna". Istilahi kuu ya kitabu hiki si bu wei. Chasema wu wei: hali ambamo wei haimo. Kiswahili nacho kina njia mbili. Kiko kiambishi -to-, kama katika "kutotenda", nacho hukana kitendo chenyewe. Liko pia neno "pasipo", ambalo mwalimu yeyote wa sarufi ataona limejengwa kwa pa- ya mahali na -si- ya kukana kuwa: mahali ambapo kitu hakipo. Ujenzi huo unakaribiana sana na wu. Ndiyo maana tuliifuta "kutotenda" katika rasimu yetu tukaandika "pasipo kutenda", na pale kitabu kinapomhimiza mtu afanye wei isiyo na wei tukapata, bila kulazimisha lugha, "kutenda pasipo kutenda". Mwanafunzi akutanapo na maneno hayo hawezi tena kukimbilia uvivu, kwa sababu kitendo kimo ndani ya sentensi na hana budi kuuliza ni kutenda gani kunakokosekana.

Jibu limo katika wei. Neno hili ni kutenda, kufanya, kutengeneza. Herufi hiyohiyo, ikisomwa kwa toni nyingine, ni "kwa ajili ya". Kwa hiyo wei yanukia kusudi: ni kutenda kwa mtu aliyeamua mapema jambo liwe namna gani, kisha akalisukuma liwe hivyo. Katika Kiswahili cha mitaani tungesema "kulazimisha mambo". Kitendo kinachokosekana ni hicho cha kulazimisha.

Hapa maelezo matupu hayatoshi, na bahati njema kitabu cha Zhuangzi, katika sura yake ya 3, chatupa kisa ambacho wanafunzi wa Juba hukielewa upesi kuliko sisi walimu. Mpishi mmoja aitwaye Ding alikuwa akimchinjia na kumpasua ng'ombe bwana wake, na mwendo wa kisu chake ulikuwa kama ngoma. Bwana alipomsifu ufundi, mpishi alijibu kwamba alipoanza kazi aliona ng'ombe mzima mbele yake. Baada ya miaka mitatu hakumwona tena mzima. Na siku hizi hamtazami kwa macho. Hufuata mianya iliyomo tayari katika mwili wa mnyama, na kisu hakigusi hata kano, seuze mfupa mkubwa. Mpishi wa kawaida hubadili kisu kila mwezi kwa sababu hukata kwa nguvu. Mpishi hodari hubadili kila mwaka. Cha kwake kilikuwa na miaka 19, kimepasua maelfu ya ng'ombe, na makali yake yalikuwa kama yametoka kwenye jiwe la kunolea.

Katika darasa letu walikuwamo vijana wa Kimundari kutoka Terekeka na vijana wa Kijieng, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kwamba kiungo cha ng'ombe kina upenyo, na kwamba asiyeujua upenyo huo huharibu kisu na nyama. Mmoja wao alisimama akaonyesha kwa mikono mahali paja linapoachana na nyonga. Kisha tukamuuliza: Je, mpishi huyu hatendi? Akacheka. Tukaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: mpishi asema kwamba kila afikapo penye fundo gumu husimama, hujihadhari, hukaza macho, hupunguza mwendo, na husogeza kisu kidogo mno mpaka nyama iachie kama bonge la udongo lidondokavyo chini. Basi pasipo kutenda si wepesi wa kila wakati, na wala si jambo la siku ya kwanza. Miaka mitatu ya kujifunza imo ndani yake.

Mfano wa mpishi, hata hivyo, waweza kumfanya mwanafunzi adhani kwamba fundisho hili ni la ufundi wa mtu binafsi tu. Kitabu cha Laozi chaliongea zaidi na watawala. Sura ya 60 yalinganisha kutawala nchi kubwa na kupika samaki wadogo, na mtu yeyote aliyewahi kukaanga dagaa ajua kinachotokea kwa mpishi apinduapinduaye. Historia ina mtawala aliyelijaribu neno hilo, na kisa chake chafaa kusimuliwa kwa urefu, maana twakipata kwa mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika miaka ipatayo mia moja baadaye.

Dola ya Qin ilikuwa imeiunganisha China mwaka 221 K.K. kwa sheria kali na kazi za shokoa, nayo ikaanguka mwaka 206 K.K. Watawala wapya wa ukoo wa Han walirithi nchi iliyochoka kwa vita. Askari mmoja mkongwe, Cao Shen, aliwekwa kuwa waziri mkuu wa nchi ya Qi iliyo upande wa mashariki. Aliwakusanya wazee na wasomi akawauliza namna ya kuwatuliza watu, na kila mmoja akasema lake, hata asijue la kushika. Kisha akamwita mzee mmoja mfuasi wa mafundisho ya Laozi, Gai Gong, naye akamwambia kwamba mtawala akiwa mtulivu, watu watatengemaa wenyewe. Cao Shen alimpa mzee huyo chumba chake kikuu akae, na kwa miaka tisa Qi ikawa na utulivu. Mwaka 193 K.K. waziri mkuu wa dola nzima, Xiao He, alifariki, na Cao Shen akaitwa ashike mahali pake. Alipoondoka Qi alimuusia mrithi wake asizivuruge gereza na soko, kwa kuwa hapo ndipo wema na waovu huchanganyika, na wakifukuzwa hapo wataenda wapi?

Alipofika mji mkuu hakubadili sheria hata moja ya mtangulizi wake. Maafisa wenye maneno makali na tamaa ya sifa aliwaondoa, akawaweka wazee wasio na ulimi mwepesi. Waliomjia na mashauri aliwanywesha divai mpaka wakaondoka bila kusema. Mfalme kijana, Hui, alidhani anadharauliwa, akamtuma mwana wa waziri amdadisi baba yake. Baba alimchapa mwanawe viboko 200. Mfalme akamkemea waziri mwenyewe, na hapo ndipo Cao Shen alipomuuliza ni nani mwenye hekima zaidi, mfalme huyu au marehemu baba yake. Na je, yeye Cao Shen ampita Xiao He? Mfalme alikiri kwamba wote wawili walikuwa chini ya waliotangulia. Basi, akasema waziri, wao walikwisha kuituliza nchi na sheria zimewekwa wazi. Kwetu sisi kuzishika bila kuziharibu kwatosha. Alifariki mwaka 190 K.K.

Twakipenda kisa hiki kwa sababu kina pande zote mbili. Waziri huyu alionekana mlevi asiye na kazi, na mwanafunzi aliyetaja mwembe angemtambua mara moja kuwa mtu wake. Lakini tazama alilolifanya: alichagua watu, aliwaondoa wengine, aliyazuia mashauri yasiyo na haja, aliilinda kazi ya mwenzake ambaye hapo nyuma walikuwa wamekosana. Kulegea kwake kulikuwa na mipaka, na kulitegemea sheria ambazo mwingine alikwisha kuzitunga kwa jasho. Mahali pasipo na Xiao He, huenda Cao Shen asingekuwa na la kuacha livyo. Wanafunzi wetu hapa Juba, katika nchi iliyopata uhuru wake mwaka 2011, huliona jambo hilo kabla hatujalisema, na mabishano ya siku hiyo huvuka kipindi.

Mtego uliotusumbua kuliko yote ulikuwa ziran. Kamusi za leo husema ziran ni yale yaitwayo maumbile: milima, mito, misitu na wanyama. Ni kweli kwa Kichina cha leo, maana katika zama za karibuni neno hili lilitwaliwa kubeba dhana hiyo kutoka lugha za Ulaya. Katika Laozi, ambamo latokea mara tano tu, neno hilo si jina la vitu. Zi ni -enyewe. Ran ni hivyo. Ziran ni kuwa hivyo kwenyewe.

Tuliyajaribu maneno yetu moja moja. "Maumbile" latokana na kuumba, na penye maumbile yuko Muumba. Tukilitumia tumeingiza kwa mlango wa nyuma mafundisho ambayo kitabu hakiyasemi wala hakiyakani. "Mazingira" ni yanayotuzunguka, yaani tumejitoa sisi tukabaki katikati, ilhali ziran humhusu mtu na mfalme na moyo wake kama imhusuvyo samaki. "Tabia" ilizua fujo ya pekee hapa kwetu. Katika Kiswahili tabia ni mwenendo wa mtu, nzuri au mbaya. Lakini katika Kiarabu, lilikotoka, neno hilo lina maana ya maumbile ya ulimwengu pia, na wanafunzi waliosoma kwa Kiarabu walilisikia hivyo. Nusu ya darasa ikawa inajadili milima, na nusu adabu. "Asili" lilikuwa bora kidogo, ila lavuta nyuma kwenye mwanzo na chimbuko, na ziran haisemi kitu kilianzaje.

Basi tukaacha nomino tukageukia vitenzi, na hapo tuliangukia shimo ambalo twawaonya wenzetu. Kwa kuwa zi ni -enyewe, tuliona kiambishi -ji- kitafaa, tukaandika kwamba mtawala akitulia, watu "hujigeuza", na vitu "hujifanya" vyenyewe. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa upole, "Mwalimu, vitu hujifanya nini?" Ndipo tulipong'amua kwamba kujifanya ni kudanganya, na kujigeuza ni kuvaa sura ya mwingine, kama mchawi wa hadithi ajigeuzavyo fisi. Kiambishi -ji- katika vitenzi vya namna hiyo huleta mtu aliyejikusudia, yaani huirudisha wei ileile tuliyokuwa tukiikimbia. Namna inayofaa ni kauli ya kutendeka: watu hugeuka, mambo hutengemaa, kazi hufanyika. Katika kauli hiyo tendo latimia na mtendaji hatajwi wala hafichwi.

Hata hivyo -ji- haikuwa na hatia yote. Mwenzetu aliyelelewa pwani alitukumbusha kwamba kiambishi hicho kikiandamana na kauli ya kutendea chageuka tabia kabisa. Mchicha ambao hakuna aliyeupanda husemwa umejiotea. Mzee asiye na haraka ajiendea zake. Paka amejilalia. Hapo hakuna kukusudia wala kujilazimisha. Kitu ki hivyo kilivyo kwa namna yake. Katika Kiswahili chote hatujaona kitu kinachoikaribia ziran kuliko "kujiotea". Kasoro yake twaijua: mambo yakiachwa bila msimamizi nayo husemwa yanajiendea tu, kwa lawama. Mwalimu aitaje kasoro hiyo, kisha alitumie neno.

Faida ya juhudi hiyo huonekana katika sura ya 25. Hapo kitabu chapanga ngazi: mtu huifuata ardhi, ardhi huifuata mbingu, mbingu huifuata Dao, na Dao huifuata ziran. Aliyefasiri ziran kuwa "maumbile" amepata kitu cha tano kilicho juu ya Dao, na wanafunzi huanza kuuliza kama Dao ina mungu wake. Mfafanuzi wa kale ajulikanaye kwa jina la Heshang Gong alikwisha kulifunga shimo hilo: Dao haifuati kitu kingine, bali namna yake yenyewe ndiyo ziran. Kwa Kiswahili tumeandika kwamba Dao hufuata kuwa kwake hivyo yenyewe. Sentensi haina uzuri, lakini ngazi haikuongezeka.

Baada ya yote hayo, mwenzetu wa dini linganishi alilitaka darasa lijaribu fundisho hili juu ya jambo la kwetu, naye akachagua mfereji wa Jonglei. Mfereji huo ulikusudiwa kwenda kilomita 360, kutoka pande za Bor hadi karibu na Malakal, ili maji ya Bahr el Jebel yapite kando ya kinamasi kikubwa cha Sudd, ambamo karibu nusu yake hupotea kwa mvuke. Mwaka 1974 wanafunzi wa Juba waliandamana kuupinga. Uchimbaji ulianza mwaka 1978 kwa mtambo mkubwa mno, ukasimamishwa na vita mwaka 1984, zaidi ya kilomita 200 zikiwa zimekwisha chimbwa. Mwaka 2022 mabishano ya namna hiyo yalizuka upya papa hapa. Wanafunzi wengi waliandika upesi kwamba Laozi angeupinga mfereji, kwa kuwa ni kuyaingilia maumbile.

Tuliwarudishia karatasi zao pamoja na habari za Dujiangyan. Katika nchi ya Shu, iliyo Sichuan ya leo, mnamo mwaka 256 K.K. gavana Li Bing aliugawa mto Min kwa ukingo uliojengwa katikati ya maji, upande mmoja ukalisha mashamba na mwingine ukachukua mafuriko. Mto haukuzibwa. Lakini ili upande wa mashamba upate mlango, mwamba ulikatwa, nao husemwa kwamba ulichomwa moto kisha ukamwagiwa maji hata ukapasuka. Kazi hiyo inanywesha mashamba hadi leo, na mchanga wake huhitaji kuondolewa kila mara. Watu wa Dao huitaja kama mfano wao, ingawa Li Bing alikuwa mtumishi wa Qin, dola ileile ya sheria kali, na hakuna ushahidi kwamba alikuwa mfuasi wa Laozi. Basi swali si kama mtu amechimba au hakuchimba, wala kama ameugusa mto. Tuliwaandikia mgongoni mwa karatasi maswali mawili: upenyo uko wapi katika mto huu, kama ule wa ng'ombe wa Ding, na ni akina nani na nini kingeachwa bila kujiotea, mabwawa ya samaki, malisho ya kiangazi ya ng'ombe, njia za swala wa Sudd, kama maji yangepitishwa kando?

Majibu ya mara ya pili yalikuwa mafupi kuliko ya kwanza, na hayakukubaliana. Kijana wa mwembe ndiye aliyeandika kwamba ili kulijibu swali la kwanza ingempasa akae miaka mitatu kinamasini kabla ya kushika jembe, na kwamba hana hakika kama wahandisi, au wale walioandamana, waliwahi kukaa huko. Tulimpa alama 7 katika 10, na mwenzetu akazifanya 8.